Kunde za Mama Neema

Pampu ilifika kijijini miezi kumi na moja kabla ya maji. Ilikaa ofisini kwangu, ndani ya boksi lake, nami nikawa naegemeza daftari juu yake ninapoandika mihutasari. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo sina pa kujificha: uamuzi wa kuinunua nimeuandika kwa mkono wangu.

Tulikuwa na milioni 19 za kuchimba kisima, michango ya kaya 212 pamoja na ya vijana wetu walioko Dodoma mjini. Fedha nyingi namna hiyo hatukuwahi kuzishika, na fedha ikikaa kijijini maneno huanza. Mwenyekiti akasema tununue vitu vionekane. Tukanunua simtanki na pampu ya kusukuma lita 5,000 kwa saa: milioni 4 na laki 2. Watu walipiga vigelegele. Mama Neema, mhazini, peke yake aliuliza, "Hizo lita 5,000 zitatoka wapi?" Akaambiwa asilete mkosi.

Mahali pa kuchimba tulichagua wenyewe, chini ya mkuyu karibu na shule. Mzee Mazengo alitoa kiwanja bure, na mkuyu kila mtu anajua hupenda maji. Kumwita mpimaji wa maji ardhini kulitaka laki 7. Tukaona ni hasara.

Mtambo ulikuja mwishoni mwa Novemba. Tulishuhudia kila fimbo ya chuma ikishuka. Fundi alikuwa akipanga vifungu vya udongo kwenye turubai, kimoja kwa kila mita tatu: chekundu, kahawia, halafu vumbi jeupe la mwamba, na baada ya hapo jeupe tupu. Mita 60, vumbi. Mita 80, vumbi. Kwenye 90 Mama Neema akasimama mbele ya mtambo, kanga kaifunga kiunoni.

"Zima, mwanangu."

"Mama, pengine mbele kidogo..."

"Mkataba unasema laki moja kwa mita, pawe na maji pasiwe na maji. Zima."

Huo mkataba tuliusaini wote. Aliyeusoma ni yeye. Milioni 9 zikabaki shimoni, na jioni hiyo mvua ikanyesha. Mtambo ulinasa mbugani siku nne. Tukaulisha ugali wa kijiji, maana mafundi wake walikuwa sita.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha matusi. Mwenyekiti alitaka kujiuzulu na wengine wakataka kumsaidia. Mama Neema hakusema neno. Alimwaga kunde mezani, akaanza kuzihesabu. "Hii ni milioni. Zimebaki hizi, na kipande hiki." Zilikuwa tano, na ya sita kaivunja vipande. Akaondoa moja ya mpimaji. Akauliza barabara hukauka lini. Mwezi wa sita. Alizeti tunauza lini? Wa saba. Kibali cha bodi ya maji ya bonde huchukua muda gani? Hakuna aliyejua, basi nikatumwa kuuliza kwa injinia wa RUWASA wilayani. Ilipofika saa tatu usiku tulikuwa tumepanga kunde toka Januari hadi Septemba, na kila mwezi ulikuwa na jina la mtu.

Mpimaji alitembea na nyaya zake siku mbili. Mkuyu hakuutazama hata kidogo. Alipigilia kigingi kwenye shamba la ufuta, karibu kilomita moja na shule, penye ufa wa mwamba.

Septemba, mita 64, vumbi likageuka tope. Hapo nilidhani tumemaliza, lakini Mama Neema alikuwa ameweka kunde nyingine kwa ajili ya kupima wingi wa maji. Walivuta maji usiku kucha, fundi na ndoo na saa yake. Jibu: lita 2,100 kwa saa. Pampu yangu ya ofisini ingekausha kisima na kujiunguza yenyewe. Tuliiuza kwa hasara, tukanunua ndogo. Sampuli ya maji nayo ikaenda maabara, kwa kuwa nchi yetu hii unaweza kuchimba ukakuta chumvi.

Sasa ndoo ni shilingi 50. Saa nane za kuvuta hutoa ndoo 840, yaani nne kwa kaya, kasoro kidogo. Bei hiyo aliipata kwa kunde vilevile: dizeli, mlinzi, na akiba ya siku pampu itakapokufa.

Juzi Mwenyekiti kaleta hoja ya birika la mifugo. Wajumbe wakashangilia. Mimi nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe, nikasubiri.

Mama Neema akauvuta mfuko wake. "Ng'ombe mmoja," akasema, "anakunywa ndoo ngapi?"