Sura ya Nne: Kujifunza
4.3 Kutofautisha uzoeshaji wa kiklasiki na uzoeshaji wa kiutendaji

Jioni, Sinza. Baiskeli ya aiskrimu inakatiza mtaani ikipiga muziki wake. Neema, mtoto wa miaka minne, yuko barazani na bado hajaiona, lakini mate tayari yamemjaa mdomoni. Mara anamkimbilia mama yake: "Mama, naomba aiskrimu!" Mama anakataa. Neema anajitupa chini na kuangua kilio. Majirani wanageuka kutazama, mama anatoa hela, kilio kinakatika.

Neema amejifunza mambo mawili, kwa njia mbili tofauti. Tuanze na mate. Hakuna aliyemfundisha kuyatoa, wala hayamletei chochote. Aiskrimu mdomoni huleta mate yenyewe: hiki ni kichocheo asilia na mwitiko asilia. Muziki ulikuwa sauti tu, lakini kwa kuitangulia aiskrimu mara nyingi umekuwa kichocheo cha kujifunza, na mate yanayotoka kwa kuusikia ni mwitiko wa kujifunza. Huu ndio uzoeshaji wa kiklasiki. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula (hakuwa mwanasaikolojia), aliuchunguza kwa mbwa waliosikia sauti fulani kabla ya kulishwa. Zingatia hili: mbwa alipewa chakula atoe mate asitoe.

Kilio ni habari nyingine. Kinaleta aiskrimu, na kwa sababu kinaileta, kesho kitarudi. Tabia inapoongezeka au kupungua kutokana na matokeo yake, huo ni uzoeshaji wa kiutendaji. Edward Thorndike aliuona mwaka 1898 kwa paka waliojifunza kufungua masanduku ili watoke. Baadaye B. F. Skinner aliuchambua kwa panya na njiwa. Panya wake asipobonyeza wenzo, hapati chakula.

Katika mitihani, wanafunzi wengi wakiona kengele huandika Pavlov, wakiona chakula huandika Skinner. Chakula kimo katika majaribio ya wote wawili, kwa hiyo hakiwezi kukuongoza. Jiulize hivi: kile kilichofuata kingekuja hata kama mhusika asingefanya lolote? Kama ndiyo, umo kwenye kiklasiki. Kama kilitegemea alichofanya, ni kiutendaji.

Sasa mtazame mama. Naye amefundishwa. Alipotoa hela, kelele na aibu vikaondoka, kwa hiyo safari ijayo atatoa haraka zaidi. Huu ni uimarishaji hasi: tabia inaongezeka kwa sababu imeondoa kero. Usiuchanganye na adhabu, ambayo hupunguza tabia. Mita ya LUKU inapolia kwa sababu uniti zinakaribia kuisha, nawe ukanunua umeme ili inyamaze, umeimarishwa kwa njia hasi. Bodaboda akitozwa faini kwa kutovaa kofia ngumu, kisha akaacha kupanda bila kofia, hiyo ni adhabu.

Kufifia pia hutofautiana. Muziki ukipita mara nyingi bila aiskrimu kununuliwa, mate hupungua. Kilio kisipolipwa nacho hupungua, ila mara nyingi huzidi kwanza kabla ya kushuka, na hapo ndipo wazazi wengi husalimu amri. Mzazi anayekataa siku nne na kukubali ya tano anajenga tabia sugu kuliko anayekubali kila siku, maana malipo yasiyotabirika hukawiza kufifia. Ndiyo sababu anayebeti haachi kwa kuchaniwa mikeka kadhaa: anajua mmoja huwa unatiki, hajui ni upi.

Maishani njia hizi mbili hushikana. Kijana aliyeng'atwa na mbwa kwenye geti moja Mikocheni husikia moyo ukimwenda mbio akiliona geti lile, hata likiwa limefungwa. Hofu hiyo ni ya kiklasiki. Kisha anazunguka barabara ya nyuma, hofu inashuka, na kule kuzunguka kunaimarishwa: kiutendaji. Kwa kuwa halipiti tena geti, hapati nafasi ya kuona kwamba siku hizi mbwa hayupo, hivyo hofu inabaki miaka.

Maswali

1. Abiria wa Mbagala husinzia kwenye daladala, lakini kondakta akigonga bodi hushtuka. Pia amegundua kwamba akisema "shusha" mapema, hapitishwi kituo. Tenganisha aina mbili za kujifunza katika habari hii, ukitumia swali la sehemu hii.

2. Mwalimu anamtoa nje mwanafunzi kila anapopiga kelele wakati wa hesabu, na kelele zinazidi. Mwalimu anaiita adhabu. Je, ni adhabu kweli? Eleza ni nini kinachomwimarisha mwanafunzi, na ni nini kinachomwimarisha mwalimu.