Kionjo cha Kwanza: "Funga Mlango Kwanza"

Video ya wima, sekunde 30, ya stetasi na Instagramu, ya kuonjesha mashine yetu ya umeme ya kukunia nazi bila kuionyesha. Itoke Jumatano saa 10 jioni, nazi zikiwa zinakunwa majumbani. Muziki hakuna. Sauti ya jikoni inatosha, na maandishi yawepo kwa wanaotazama simu ikiwa kimya.

SEKUNDE 0–7
Jiko la uani, Ngamiani, Tanga. Kamera iko karibu kabisa: meno ya mbuzi ndani ya kifuu. Krr, krr, krr. Nazi inadondoka kwenye sinia kidogokidogo. Mkono unasimama, unanyooshwa vidole, unaendelea. Kando zimevunjwa nazi nne, bado zinasubiri.
Maandishi: MFUNGO UNAKARIBIA.

SEKUNDE 7–13
BINTI (haonekani): Mama, shangazi kapiga simu. Yuko njiani.
MAMA: Peke yake?
BINTI: Na wanawe wote.
Mama anazitazama zile nne. Asiseme neno, wala asigune. Uso wake unatosha.

SEKUNDE 13–18
Kioo cheusi. Tak! Kisha mvumo mfupi, halafu kimya. Mvumo huu urekodiwe kwenye mashine yetu wenyewe, tusichukue wa mtandaoni. Wenye masikio watajua ni ya umeme, na wajue tu. Umbo, bei na jina ndivyo tunavyovificha.

SEKUNDE 18–26
Mbuzi imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Kuku anapita. Mama yuko mkekani, anakamua tui zito kwa kifumbu, bangili zinalia. Vifuu kumi vitupu viko miguuni pake. Nyuma yake kuna kitu kimefunikwa kanga.
BINTI (anaingia na ndoo ya maji): Heh! Zote? Nimekwenda bombani tu!
MAMA: Leta sufuria.
BINTI: Mama, umekunia nini?
MAMA: Funga mlango kwanza.
Binti anatugeukia, anatufungia mlango usoni.

SEKUNDE 26–30
Mlango umefungwa. Nyuma yake: tak! Mvumo tena.
BINTI (ndani): Mama wee!
Maandishi: JUMAMOSI, SAA 3 ASUBUHI. SOKO LA MGANDINI. NJOO NA NAZI YAKO.

KWA MPIGA PICHA
Kanga ikae juu ya kasha tupu, si juu ya mashine. Kuna watu husimamisha video na kupima umbo kwa vidole. Waya usionekane sakafuni. Vifuu vya mwisho viwe vya nazi zilezile zilizovunjwa mwanzo, maana akina mama wa Tanga watahesabu, na wakikuta vinane badala ya kumi tutachekwa hadi Pangani. Mama asicheke anaposema "Funga mlango kwanza". Aseme kama anayeogopa jirani ataomba kuazima.

KWA ATAKAYEJIBU KOMENTI
Bei wataiuliza kabla ya salamu. Jibu: "Jumamosi, Mgandini, na nazi yako." Anayebishana kwamba tui la mashine halina ladha asijibiwe kwa maneno, aambiwe aje na kifumbu chake, atakamua mwenyewe mbele za watu. Na atakayebahatisha jina akapatia, mwekeeni kopa, mnyamaze.