Ng'onda kwa makopa: boksi la mabadilishano la watu wawili

Chukua mvuvi wa Mikindani na mkulima wa Newala. Mvuvi ana kilo 14 za ng'onda, yaani samaki waliokaushwa, na kilo 4 za makopa, yaani mihogo iliyokaushwa. Mkulima ana ng'onda kilo 6 na makopa kilo 36. Jumla kuna ng'onda 20 na makopa 40, basi chora boksi lenye upana 20 na kimo 40. Vipimo vya mvuvi vinaanzia kona ya chini kushoto, vya mkulima kona ya juu kulia. Nukta moja ndani ya boksi inasoma mgawo wa wote wawili: (14, 4) kwa mvuvi ni (6, 36) kwa mwenzake. Wanafunzi wengi hujikwaa hapa, kwa hiyo ukishachora geuza daftari juu chini uisome upya kwa macho ya mkulima.

Tuseme ridhaa ya kila mmoja, yaani kiasi anachoridhika na alivyo navyo, ni U = x·y, x ikiwa ng'onda na y makopa. Mvuvi ana 14 × 4 = 56, mkulima 6 × 36 = 216. Kwa U hii, thamani ya kilo ya ng'onda kwa makopa ni y/x. Kwa mvuvi ni 4/14, hata theluthi haifiki. Kwa mkulima ni 36/6 = 6. Pengo kubwa hivyo lina maana biashara ipo. Mvuvi atoe kilo 1 apewe makopa 3: yeye anafika 13 × 7 = 91, mkulima 7 × 33 = 231. Wote wamepanda, na pengo bado halijazibika.

Linazibika thamani hizo zikilingana: y/x = (40 − y)/(20 − x), yaani y = 2x. Huo ndio mkondo wa mkataba, mstari wa kona hadi kona. Kila nukta juu yake ina ufanisi wa Pareto: huwezi kumwongezea mmoja bila kumpunguzia mwingine. Francis Edgeworth alilitoa wazo la mkondo huu mwaka 1881.

Ila hawatakubali nukta yoyote tu. Mvuvi hashuki chini ya 56, hivyo 2x² ≥ 56, x ≥ 5.29. Mkulima hashuki chini ya 216: 2(20 − x)² ≥ 216, x ≤ 9.61. Mapatano yako katikati ya hapo. Wakifuata bei ya soko, ambayo ni y/x ya mkondo, kilo ya ng'onda kwa makopa 2, mvuvi anauza 6 na kubaki na (8, 16), ridhaa 128. Mkulima ana (12, 24), ridhaa 288.

Angalia pia kona ya juu kulia, mvuvi akiwa na vyote na mkulima hana hata kopa. Nayo ina ufanisi wa Pareto. Kipimo hiki hakiulizi nani amelala njaa.

Zoezi: mvua imeozesha kilo 10 za makopa ya mkulima. Chora boksi jipya, utafute mkondo na bei.