Kufuatilia ombi la kazi ya deklara wa forodha, Kasumbalesa

Lubumbashi, tarehe 8/6/2026

Kwa Mama Mkuu wa Ajira,

Salamu nyingi, Mama. Naitwa Furaha Ilunga, nakaa Kampemba. Tarehe 4 mwezi wa tano niliomba kazi ya deklara wa forodha kupitia tovuti yenu, ile nafasi ya Kasumbalesa. Tangazo lilisema majibu ya kwanza yatatoka kabla ya mwezi huo kuisha. Mpaka leo sijapata neno, na kwenye akaunti yangu ombi bado linaonyesha «En cours». Kwa kuwa anwani yako iliwekwa chini ya tangazo kwa wenye maswali, nimeona nikuandikie mwenyewe.

Wasiwasi wangu mkubwa ni nyaraka. Umeme ulikatika nikiwa nazipakia. Uliporudi nikakuta ombi limeshapokelewa, lakini lina sivii na barua ya maombi tu. Diploma yangu ya graduat na cheti cha kazi sikuviona, na tovuti hairuhusu kuongeza kitu baada ya hapo. Vyote vinne nimeviambatisha hapa katika faili moja ya PDF, ombi lisije likawekwa kando kwa sababu hiyo.

Kuna jambo pia ambalo halimo kwenye sivii. Tangu mwezi uliopita, biro ninapofanya kazi wamenipa malori ya salfa yanayotoka Dar es Salaam kupitia Zambia. Juzi dereva mmoja Mtanzania, akiwa bado ng'ambo ya mpaka, alinitumia karatasi zake kwa Wasapu. Namba ya tela haikulingana na ile iliyo kwenye picha ya gari. Nikampigia. Akanieleza kwamba tela la kwanza liliharibika njiani na mzigo ukahamishwa. Nikamwomba wakala wa Zambia asahihishe karatasi kabla sijaingiza tamko kwenye Sydonia. Lingeingia vile lilivyokuwa, lori lingezuiwa na mwenye mzigo angelipia kila siku ya kusubiri. Mlitafuta mtu wa kuelewana na madereva wa Tanzania. Kazi hiyo naifanya na naipenda, ndiyo maana hata barua hii nimeiandika kwa Kiswahili.

Naomba unijulishe, Mama: je, nyaraka zangu sasa zimekamilika, na nafasi bado iko wazi? Kama mmeshampata mtu, niambie bila kusita, nami nitaomba jina langu libaki kwenu kwa nafasi nyingine ya deklara. Kama bado mnachagua, naweza kuja kwenye mahojiano Lubumbashi siku yoyote mkinijulisha jana yake, au Kasumbalesa kwenyewe. Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuondoka.

Namba yangu ya simu iko juu ya sivii. Asante sana kwa muda wako.

Kwa heshima,
Furaha Ilunga