Hatatutupa Manani

Kaswida ya usiku wa kuamkia Arafa. Ni ya sauti tupu: hakuna dufu, hakuna makofi. Mizani nane kwa nane ndiyo ngoma yake, kwa hiyo kiongozi asikimbize wala asivute silabi. Kiitikio ni neno la Bibi Hajara mwenyewe, na kila kinaporudi kinasemwa kwa hali nyingine. Waitikiaji wasikiimbe namna moja.

Kiongozi
Bonde halina mimea, maji hayaonekani,
Hajara na wake mwana, kiriba ki mkononi,
Khalili ashika njia, hageuki asilani.

Hajara amfuata, amuuliza njiani:
"Ni Mungu aliyesema, tuachwe hapa jangwani?"
Khalili ajibu: "Ndiye." Moyo ukatua ndani.

Wote (kwa yakini, sauti imetulia)
Ndiye aliyeamuru, hatatutupa Manani.
Ndiye aliyeamuru, hatatutupa Manani.

Kiongozi
Kiriba kikakauka, mtoto alia chini,
Akapanda juu Safa, akaangaza bondeni:
Hakuna, hakuna mtu, hakuna hata mgeni.

Wote (chini, kama anayejiambia)
Ndiye aliyeamuru, hatatutupa Manani.

(Hapa waitikiaji wanadaka kila nusu ya mstari. Pumzi isikike: mama anakimbia.)

Moja, akafika Marwa — *hatatutupa!*
Mbili, Safa kileleni — *hatatutupa!*
Tatu, akafika Marwa — *hatatutupa!*
Nne, Safa kileleni — *hatatutupa!*
Tano, akafika Marwa — *hatatutupa!*
Sita, Safa kileleni —

(Waitikiaji wanyamaze. Nafasi ya neno ibaki wazi, kipimo kamili, kisha kiongozi aingie peke yake.)

Kiongozi
Saba, akafika Marwa, sauti masikioni,
"Kimya, kimya, ewe moyo, sikiza pale bondeni!"
Malaika achimbua, maji yapanda mwangani.

Wote (kwa sauti kamili, hapa tu ndipo neno linageuka)
Ndiye aliyeamuru, hakututupa Manani!
Zamzamu, Zamzamu, hakututupa Manani!
Ndiye aliyeamuru, hakututupa Manani!

Kiongozi
Nasi tunayo mabonde, na watoto mikononi,
Nasi tukimbie, Rabbi, na dua zetu kinywani,
Miguu ikituchoka, neno likae moyoni:

Wote (kwa kuomba; sasa ni neno letu)
Ndiye aliyeamuru, hatatutupa Manani.
Toka Safa hadi Marwa, hatatutupa Manani.

Kiongozi
Swalatu nayo salamu, kwa Tumwa wetu Amini,
Na Khalili na Hajara, na kijana wa jangwani,
Na kila anayengoja, mnyweshe ewe Manani.

Wote (wanaume, kisha wanawake, kisha watoto, kisha wote pamoja)
Hatatutupa Manani,
hatatutupa Manani,
hatatutupa Manani,
ndiye aliyeamuru, hatatutupa Manani!