Taa ya Chumbe

Tulitoka katika mlango wa Simba Uranga, kwenye delta ya Rufiji, mwezi wa Juni mwaka 1957. Jahazi lilikuwa limesheheni boriti za mikoko korija 150, nasi tulikuwa watu 12 pamoja na nahodha. Kusi lilikuwa likivuma sawasawa, upepo ambao jahazi lenye tanga zima halina sababu ya kuchukua zaidi ya siku mbili au tatu kufika Unguja. Sisi ilipotimia siku ya tano tulikuwa bado tunakaribia Ras Kimbiji.

Sababu ilijulikana na kila mtu, ila maana yake hakuna aliyeijua. Kila siku, alasiri ilipoingia, Nahodha Shee aliamuru tuingie karibu na pwani na kutia nanga, hata upepo ukiwa mzuri namna gani. Tulilala Koma, tukalala Kwale, na kila tulipolala chakula kilipungua na maji ya pipa yalishuka. Katika jahazi letu hapakuwa na mshahara. Nauli ilipokwisha kupatikana, gharama za chakula zilitolewa kwanza, kisha nusu ilikwenda kwa tajiri mwenye chombo na nusu iligawanywa mafungu kwa mabaharia. Kwa hiyo kila siku ya kulala bure ilikuwa inaliwa kutoka katika fungu la mtu mwenye watoto nyumbani, na mtu wa namna hiyo hawezi kulaumiwa akianza kuhesabu siku kwa sauti.

Mimi nilikuwa msukani, kijana wa miaka 19, na nilimpenda yule mzee. Alikuwa mtu wa Pate, aliyekwisha kufika Maskati na Basra kabla sijazaliwa, na alikuwa na desturi ya kukaa nyuma yangu kwenye shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, na kunitahini. “Msukani, nisomee pwani,” angesema, nami ningemtajia kila mti mrefu, kila mlango wa mto, kila mahali maji yalipobadilika rangi. “Dira inasema nini?” angeuliza, nami ningemwambia. Niliamini kwamba ananiandaa niwe nahodha, na usiku nilikuwa nalala nikiwa na furaha hiyo kifuani.

Asubuhi ya siku ya nne, tulipokuwa tunaiacha Kwale, niliingiwa na shaka ambayo sikuweza kuifukuza. Nikamwambia, “Nahodha, lile jahazi lenye bendera nyekundu linatujia kwa kasi.” Alielekeza uso wake omo, mbele ya chombo, akatulia kidogo, akajibu, “Ndiyo, nimekwisha kuliona. Mpishe.” Bahari yote mbele yetu ilikuwa tupu.

Sikusema neno, na kimya changu ndicho kilichomwambia. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika usukani. “Basi umenijua, mwanangu,” alisema kwa sauti ya chini. Aliniambia kwamba ukungu ulianza katika jicho la kushoto misimu miwili nyuma, kisha ukahamia na la kulia. Kwamba mchana mwanga wa jua juu ya maji ulimchoma na kumfuta kila kitu, na usiku kila taa ilimgeukia kuwa duara kubwa la miale lisilo na mahali. Ulikuwa mtoto wa jicho, naye alilijua jina hilo. Lakini alikuwa na deni kwa tajiri, na nahodha asiyeona hapewi chombo. “Msimu huu mmoja tu,” alisema. “Niapie kwamba hutamwambia mtu.” Nikaapa. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na bado nasema kwamba hakuwa na haki ya kuniomba kiapo hicho, wala mimi sikuwa na haki ya kukitoa, kwa sababu roho za watu kumi waliobaki hazikuwa mali yetu wawili.

Siku ya tano, saa kumi alasiri, Ras Kimbiji ikiwa upande wa kushoto, nahodha aliamuru tuelekee pwani tukatie nanga. Hapakuwa na mtu aliyenyanyuka. Serahangi Faki, mkuu wa mabaharia, mtu wa Tumbatu, mwenye mabega mapana na maneno machache, alikuja shetrini akiwa ameshika daftari la shehena.

“Nahodha,” alisema, “tulipakia korija 150. Niliwahesabia wapakizi mwenyewe. Humu umeandika 147. Korija tatu ni boriti 60. Sasa naelewa kwa nini kila usiku tunalala karibu na vijiji. Unauza mali usiku, na sisi unatulisha njaa.”

Nililiona daftari lile. Mistari ilikuwa imepandana, tarakimu moja ikikaa juu ya mgongo wa nyingine, tano ilikuwa imepinda ikafanana na nne, na sifuri ya mwisho ilikuwa imevutwa mpaka ikafanana na saba. Ye yote aliyekuwa anajua nilichokijua angeelewa kwa mtazamo mmoja. Nahodha aligeuza uso wake kuelekea sauti, na ninakumbuka jinsi kidevu chake kilivyotetemeka kabla hajajibu.

“Kama mmekwisha kuniona mwizi,” alisema, “basi mimi ni mwizi.”

Alichagua jina hilo mbele yangu, huku akijua kwamba neno moja lingemwondolea aibu ile na kumvika nyingine, na aibu ya pili ndiyo aliyoiogopa zaidi. Nami nikanyamaza. Walimshusha chini ya shetri, wakaweka watu wawili kumlinda, na Faki akanisimamia akiwa na shoka la kukatia kamba mkononi. “Shika njia ya Unguja,” aliniambia. “Usiku huu tunalala Malindi, bandari ya mjini.”

Tulikwenda vizuri mpaka isha. Mwezi ulikuwa gizani, mawingu yalizifunika nyota, na mara kwa mara mvua ya kusi ilitupiga mgongoni na kuondoka. Faki hakuwa mjinga wa bahari. Alijua kwamba kutoka Kimbiji ni lazima tuelekee kaskazini na kuegemea magharibi kidogo, ili mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, tuukute upande wetu wa kulia na mkondo mkuu wa kuingilia mjini ubaki wazi mbele yetu. Alichohitaji ni kuiona taa ile tu. Karibu na saa nne ya usiku, baada ya manyunyu mazito kupita, akaiona.

“Ile pale!” alipaza sauti. Mabaharia wakashangilia. Ilikuwa mbele yetu, kulia kidogo, njano na yenye nguvu. Akaniamuru niielekee zaidi, nami nikapinda usukani.

Tulikwenda hivyo kwa muda wa kukoka moto na kuchemsha maji. Kisha sauti ikatoka chini ya shetri, si ya kupiga kelele, ila ya mtu anayeuliza bei sokoni.

“Serahangi. Taa hiyo inawaka na kuzimika, au inawaka tu?”

Faki hakujibu mara moja. Nilitazama. Mwanga ule haukuzimika hata mara moja. Uliyumba.

“Mawimbi yamefupika,” sauti ile iliendelea. “Tangu Kimbiji tulikuwa tunanyanyuliwa polepole kutoka nyuma. Sasa chombo kinagongwagongwa. Kuna kitu kinazuia bahari. Leo ni bamvua, na saa hizi maji yanakaribia mwisho wa kupwa. Tia bildi.”

“Usituhadae tena,” alisema Faki, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kumwashiria baharia wa omo. Bildi, kamba ya kupimia kina, ikatumbukizwa. “Pima tisa!” Tena. “Pima sita!”

“Nileteeni risasi yake,” alisema nahodha.

Walimtoa. Alikaa juu ya ubao, akaipokea ile risasi ya bildi kwa mikono miwili, akakipapasa kitako chake kilichopakwa shahamu ili kinate na chochote kilichoko chini. Alivisugua vilivyonata kati ya vidole, akavitia ulimini. “Matumbawe yaliyosagika,” alisema. “Si tope la mkondoni. Mko mashariki mno. Hii ni miamba ya Pungume, na taa yenu ni karabai ya wavuvi wa dagaa, waliojikinga nyuma ya kisiwa. Shusheni tanga, tupeni nanga.”

“Taa iko pale, itazame mwenyewe!” Faki alimwinamia. “Kwa nini huitazami?”

Hapo ndipo nilipokivunja kiapo changu. “Haoni,” nilisema. “Serahangi, nahodha haoni. Hata daftari hakuliona alipoliandika. Mimi nilijua.”

Katika maisha yangu sijapata kusikia kimya kama kile katikati ya upepo. Kisha baharia wa bildi akapiga kelele, “Pima nne!” na Faki akageuka kwa sauti iliyofika omo: “Legeza henza! Nanga!”

Foromali, mti wa tanga, ilishuka kwa kishindo, tanga likatufunika nusu yetu, na amari ya nanga ikatoka kama nyoka anayekimbia moto. Nanga ya kwanza ilikokota. Tuliisikia ikiruka juu ya mawe chini yetu, na jahazi likazidi kusukumwa kuelekea mahali ambapo sasa tuliweza kusikia, bila ya shaka yoyote, mngurumo wa maji yanayovunjika. Nahodha alikuwa amelala kifudifudi, kiganja chake kimeshika amari, akihisi kila mtikiso. “Bado,” alisema. “Bado inakokota. Ongeza kamba. Ongeza! Tupa ya pili, upande wa kushoto.” Faki mwenyewe ndiye aliyeibeba nanga ya pili, kamba ikamchuna ngozi ya viganja vyote viwili. Chombo kilitikisika, kikageuka polepole, omo ikaukabili upepo. “Imeshika,” alisema nahodha, na hakuiachia ile amari mpaka alfajiri.

Kulipokucha tuliuona mwamba nyuma yetu, mweusi, bado unatoka maji, umbali ambao mtoto angeweza kuufikia kwa jiwe. Kaskazini-magharibi, mbali, mnara wa Chumbe ulisimama mweupe juu ya miti yake. Wavuvi wawili walipita na ngalawa yao, karabai imezimwa, wakatuamkia. Maji yalipojaa alasiri tulinyanyua nanga, na nilishika usukani huku nahodha akiwa amekaa nyuma yangu na Faki mbele yangu, mmoja akiuliza na mwingine akijibu anachokiona, mpaka tukaingia Malindi.

Karani wa bandari alikuja na karatasi ya shehena kesho yake asubuhi. Mabaharia wote walikuwa wamesimama pale, na kila mmoja wetu alijua kwamba neno moja kwa karani lingetosha. Faki alisema kwa sauti kavu, “Korija 150, zimehesabiwa.” Karani akaandika, akaisukuma karatasi juu ya meza na kumpa nahodha kalamu.

Nahodha Shee aliinama. Ncha ya kalamu ilitua juu ya mbao tupu za meza, shibiri nzima kutoka kwenye karatasi. Karani alikuwa amegeuka akitafuta muhuri. Faki alinyosha mkono wake uliofungwa kitambaa, akaisogeza ile karatasi taratibu mpaka mstari wa kutia sahihi ukakaa chini ya kalamu.

“Hapo, nahodha,” alisema. “Hii ndiyo ya mwisho.”

“Ndiyo ya mwisho,” alijibu mzee, akatia sahihi.