Ile notisi ya stima na maji nimeigeuza Kiswahili, tafuta mtaa wako

Majirani, asalamu aleikum, na wengine wote hamjambo. Ile karatasi iliyobandikwa pale dukani, ambayo tangu jana inazunguka kwa magrupu, ni Kizungu kitupu na kina mama wamenipigia simu mpaka chaji ikaisha, kwa hivo nimekaa nimeigeuza yote ya hapa Malindi. Saa nimeandika za kwetu, kwa karatasi ni 8 hapa utasoma saa mbili, usijumlishe tena wala usitoe.

Sababu ni hii. Jumatano tarehe 12 stima inakatwa mchana watengeneze laini ya kwenda Baricho, kule kwenye visima vya mto Sabaki, na zile pampu bila stima hazivuti kitu, na sio sisi peke yetu, Watamu, Kilifi mpaka Mombasa kuna watu wanangojea maji ya hukohuko. Hata stima ikirudi maji hayafiki siku hiyo, bomba lazima lijae kwanza na matangi yapande, ndio maana mgao unaenda mpaka Jumanne tarehe 18.

STIMA, Jumatano tarehe 12
Ganda, Msabaha na Gede hakuna kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Muyeye na Maweni itakatika saa nane mchana irudi saa kumi. Mitaa mingine ya mjini haikuandikwa. Wameongeza kwamba inaweza kurudi mapema bila kuambiwa, sasa hapo ndugu zangu msichezee: waya uliolala chini usiuguse ati kwa sababu stima imekatwa, hesabu kwamba iko. Friji na tivii chomoeni.

MAJI, kuanzia Alhamisi tarehe 13 (Jumatano hakuna mtaa wenye zamu, jazeni Jumanne)

Shela na Kibokoni: Alhamisi na Jumapili, saa kumi alfajiri mpaka saa nne asubuhi.

Barani na Ngala: Ijumaa na Jumatatu, saa nane mchana mpaka saa mbili usiku.

Casuarina na Mtangani: Jumamosi na Jumanne, saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Muyeye, Maweni na Kisumu Ndogo: hapa someni polepole. Karatasi yasema Jumamosi 12:00 a.m., na hiyo sio Jumamosi mchana, na sio Jumamosi ukishakula chakula cha usiku. Ni usiku wa KUAMKIA Jumamosi. Yaani Ijumaa umeswali isha, umelala, saa sita usiku maji yanafunguliwa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Zamu ya pili ni usiku wa kuamkia Jumanne, saa zilezile, Jumatatu ukilala ndio hiyo. Wazee wataelewa haraka kwa sababu wao usiku wa Jumamosi ni huohuo unaotangulia, vijana ndio watapotea, kwao hiyo ni Ijumaa usiku. Mgao uliopita jirani yangu alipanga mitungi kumi na mbili mlangoni akakesha usiku ambao sio, asubuhi akawa ananunua kwa mkokoteni na hataki kuongea na mtu.

Ganda: hakuna zamu ya bomba, kuna lori la maji Jumatatu tarehe 17 saa tatu asubuhi. Wamesema njooni na mitungi isiyopita lita 20, mapipa hawajazi.

Kuna neno limegeuzwa vibaya kwa grupu moja, wameandika maji yatakuja "mara kwa mara". Sivyo, mngefurahi bure. Karatasi inasema hata saa za zamu yako yanaweza kuja yakikatika, yatoke robo saa yasimame yarudi, kwa hivo bomba likinyamaza usikunje mpira ukaenda kulala, lakini pia usiliache wazi ukatoka, nyumba itajaa. Na wa ghorofani na mitaa ya mwinuko presha itakuwa ndogo, chotea chini.

Maji ya mwanzo yakitoka na rangi ya udongo yaache yapite, hayo fulia au deki, ya kunywa kinga yakishatakata na uyachemshe. Wenye visima vya chumvi, hiyo ya kuogea na chooni fungulieni jirani wiki hii.

Tarehe 18 ikipita wanasema kila kitu kinarudi kama kawaida. Wakibadilisha kitu nitaandika hapahapa juu ya ujumbe huu, na ukimtumia mtu tuma wote, usikate kipande cha mtaa wako peke yake maana ya saa sita usiku itapotea. Bi mkubwa asiyesoma msomee kwa vois.